Umebadilisha zao, tungule bado zinanyauka: kosa la mzunguko hutafutwa kwenye mizizi

Mama mmoja jirani yangu, upande wa kaskazini wa Pemba, ana robo eka ya mboga aliyoigawa makonde manne. Mwaka wa tatu mfululizo tungule zake zilianguka kabla hazijaiva, akaja kuniita. Swali lake lilikuwa la haki kabisa: "Mwanangu, wananiambia nibadilishe mazao. Mimi nabadilisha kila msimu. Mbona hali ni ile ile?"

Nikamwomba anitajie, konde moja moja, alichopanda kuanzia msimu huu kurudi nyuma. Konde la juu, lililo karibu na kisima, lilikuwa hivi: tungule, kisha bamia, kisha bilingani, kisha kunde, kisha tungule tena. Kwa macho yetu hayo ni mazao manne tofauti. Kwa mdudu aliyemo ardhini ni sahani ile ile iliyopakuliwa mara tano.

Makosa mengi ya mzunguko ninayoyaona kwenye mboga yako hapo. Zao hubadilika jina, lakini kinacholiwa chini hakibadiliki. Kwa hiyo kabla ya kuchora mpango mpya, jua kwanza ni nani anayekula, kwa sababu zao linalomnyima chakula adui mmoja laweza kuwa ndilo linalomlisha mwingine. Mwongozo huu unafuata njia hiyo: unaanza na dalili unayoiona juu, unang'oa mmea, kisha ndiyo unapanga.

Mmea unalegea mchana na kuamka jioni

Hii ndiyo dalili iliyo nyingi zaidi kwenye kichanga. Mtungule unakua polepole, majani yana umanjano kidogo, saa saba mchana unalegea kama umekosa maji, na jua likipoa unasimama tena. Ukiongeza maji, hali haibadiliki. Ukiongeza mbolea, unapata nafuu ya wiki moja au mbili. Konde zima haliugui sawasawa, bali kuna madoa: hapa mitungule sita imedumaa, hatua tatu mbele mingine ni mizima.

Usiung'oe mmea kwa kuuvuta, maana mizizi myembamba itabaki ardhini na ndiyo unayoitaka. Chimba kwa jembe ukiuzunguka, uinue na bonge lake la udongo, ulitumbukize kwenye ndoo ya maji na kulitikisa taratibu mpaka mizizi ibaki mitupu. Ukikuta mizizi imevimba vinundu, mingine midogo kama punje ya mtama, mingine imeungana ikawa minene kama kidole cha tangawizi, hao ni minyoofundo. Ni minyoo midogo isiyoonekana kwa macho. Huingia ndani ya mzizi, mzizi huvimba kuwazunguka, na maji hayapandi tena kama inavyotakiwa.

Kwenye kunde, njugu na jamaa zake kuna jambo la kuangalia sana, kwa sababu nimeona watu waking'oa kunde nzuri wakidhani ni mgonjwa. Mizizi ya jamii ya kunde ina vifundo vyake vya heri, vile vinavyotengeneza naitrojeni. Viweke kwenye kiganja uvisugue kwa kidole gumba. Kifundo cha heri kimekaa ubavuni mwa mzizi na hubanduka kirahisi. Ukikipasua, ndani kina rangi ya waridi. Nundu la minyoofundo halibanduki, kwa sababu ni mzizi wenyewe uliovimba. Ukilazimisha, mzizi unakatika.

Jike mmoja wa minyoo hii hutaga mayai mamia, na kwa joto la visiwani kizazi kimoja humaliza mzunguko wake kwa kiasi cha mwezi mmoja. Zao la tungule likikaa shambani miezi minne, hao wameshazaana zaidi ya mara moja, na vipando vinavyokuja baadaye huwakuta wengi kuliko walivyokuwa mwanzo. Kichanga huwafaa zaidi kuliko kinamo, maana chembe zake zina nafasi na wao hupita katikati. Ndiyo maana konde la juu la yule mama lilikuwa limeharibika kuliko yote.

Wanaowalisha ni wengi mno: tungule, bilingani, bamia, tango, tikiti, boga, karoti, aina nyingi za mchicha na aina nyingi za kunde. Muhogo na viazi vitamu navyo hupata. Kwenye mpango, bamia baada ya tungule ihesabu kama tungule baada ya tungule.

Wanaowanyima ni wachache, na wawili ndio ninaowategemea. Wa kwanza ni marejea, ile jamii ya kunde yenye maua ya manjano inayopandwa kwa ajili ya kurutubisha ardhi. Minyoo huingia kwenye mizizi yake lakini haiwezi kuzaliana vizuri humo. Wa pili ni njugu nyasa, ambazo kwa aina za minyoofundo zinazopatikana sana kwenye tungule ni chakula kibaya. Mahindi yana matatizo yake. Hayaonyeshi vinundu, mkulima anaridhika, kumbe baadhi ya minyoo hiyo hula na kuzaa humo kimya kimya. Mahindi ni mazuri kwenye mzunguko, ila usiyaachie kazi ya kusafisha konde peke yao.

Marejea huyamwagi tu na kuyasahau. Panda kwa wingi mpaka yafunike ardhi, uyaache kiasi cha wiki nane hadi kumi, uyakate yanapoanza kutoa maua. Ukichelewa, mashina yanakuwa kuni na yanachukua muda kuoza, na yakifunga mbegu yatakusumbua msimu unaofuata. Katakata, fukia, subiri wiki mbili hadi tatu ndipo upande. Miche laini ikipandwa juu ya majani yanayooza huungua mizizi na huoza shingo.

Mmea umenyauka ghafla, majani bado mabichi

Jana ulikuwa mzima, leo umelala, na majani hayajapata hata umanjano. Jioni haunyanyuki. Kesho yake wa pembeni unafuata, mara nyingi ule ulio upande maji yanakoteremkia. Ukichimba, mizizi haina vinundu.

Hapa chukua bilauri ya kioo, uitie maji safi na uiache itulie. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, urefu wa kidole, ukishike wima mkato wake wa chini ukigusa maji, na usikitikise. Ukiona baada ya dakika chache nyuzi nyeupe zinashuka kutoka kwenye mkato, taratibu kama tui linalodondoka majini, huo ni mnyauko bakteria. Fanya hivyo mahali penye mwanga, weka kitu cheusi nyuma ya bilauri, nyuzi zitaonekana vizuri zaidi.

Kama hakuna nyuzi, lipasue shina kwa urefu. Ukikuta mistari ya kahawia ndani yake, na mmea ulianza umanjano upande mmoja, majani ya chini kwanza, huo ni mnyauko wa kuvu, fuzari. Fuzari ya tungule hushika tungule, kwa hiyo kuipisha ni rahisi kidogo: panda kitu kingine kwa miaka kadhaa, na unaporudi tafuta mbegu yenye ukinzani. Mara nyingi maelezo hayo huandikwa kwenye pakiti.

Mnyauko bakteria hauna urahisi huo. Unashika ukoo mzima wa tungule: tungule, bilingani, pilipili, pilipili boga na mbatata. Unashika pia njugu nyasa. Jirani yangu angefuata dawa ya minyoofundo kwenye konde la bondeni, akapanda njugu, angekuwa anamlisha adui wa pili akidhani anamfukuza wa kwanza. Ndiyo sababu nasisitiza bilauri ya maji kabla ya mpango. Dakika tano zile huokoa misimu miwili.

Bakteria hao hukaa ardhini miaka, na magugu ya ukoo ule ule, mnavu na mtunguja, huwahifadhi hata kama konde limepumzishwa. Mzunguko wa miaka mitatu bila ukoo wa tungule hupunguza, na hauwezi kuahidi kwamba utamaliza. Kinachosaidia zaidi hapa kwetu ni mpunga. Konde lililokaa na maji ya jaruba msimu mzima wa mpunga huwa gumu kwa bakteria hao, na minyoofundo nayo hupungua. Wakulima wa mabondeni Unguja na Pemba wamezoea kupanda mpunga wakati wa masika na kitu kingine ardhi ikikauka. Mpangilio ule wa kawaida una faida hiyo ndani yake, ukilindwa usiharibiwe na tungule kila ukame.

Hakuna vinundu, hakuna nyuzi, zao limepauka tu

Mizizi ikiwa misafi na shina safi, huna haja ya kutafuta mdudu. Majani ya chini yakiwa manjano kote konde zima, si kwa madoa, ardhi imechoka. Angalia kama umefuatanisha mahindi na muhogo. Mahindi hula naitrojeni nyingi, muhogo huondoa potasiamu nyingi, na mashina na majani yake huwa tunayabeba nje ya konde. Weka zao la jamii ya kunde katikati, na uache mabaki yake shambani badala ya kuyachoma.

Viazi vitamu vyenye matundu ni habari nyingine. Fukuzi huzaa kwenye shina la chini na kwenye kiazi, huingia kupitia nyufa za ardhi kavu, na kuruka kwake ni dhaifu. Udhaifu huo ndio unaoufanya mzunguko ufae, lakini ukihamisha viazi kwenda konde la pembeni hujahamisha kitu, kwa kuwa huo ni umbali anaoutembea. Okota viazi vyote vilivyosazwa baada ya kuvuna, ng'oa vinavyojiotea, na mbegu kata ncha za marando ya viazi, si sehemu kongwe ya chini ambako mayai hukaa. Kisha pandishia udongo kwenye matuta yakianza kupasuka.

Makonde manne, yalivyopangwa

Tulipochimba kwa yule mama, kila konde lilitoa jibu lake. La juu, kichanga kitupu karibu na kisima, mizizi ilikuwa imejaa vinundu. La pili, kichanga pia, vinundu vichache. La tatu, kinongo, karibu na nyumba, halikuwa na zao lililosimama. La nne liko ukingoni mwa bonde, kinamo, maji husimama masika, na humo ndimo tungule zilipoanguka zikiwa mbichi. Bilauri ikaonyesha tui lake.

Kwa konde la tatu tulitumia kipimo cha kopo, na nakisifu kwa sababu hakina gharama. Tembea konde kwa mwendo wa kupindapinda, chota udongo mahali kama kumi, kina cha kiganja, uchanganye. Jaza makopo matano yenye matundu chini. Udongo wa kopo la sita uchukue kutoka mchanganyiko huo huo lakini uupike kwanza kwenye sufuria kuukuu ukiwa na unyevu, mpaka utoe mvuke kote, uache upoe. Sia tango au tungule kwenye yote. Baada ya wiki tano au sita osha mizizi na linganisha. Udongo uliopikwa unakuonyesha mzizi safi unavyokuwa. Makopo ya konde la tatu yalitoka safi yote matano.

Mpango tuliouandika kwenye daftari la mwanawe ni huu:

Konde la juu: masika, marejea, kufukiwa mwishoni mwa Mei. Kipupwe linabaki wazi, linapaliliwa tu. Vuli, njugu nyasa. Mwezi wa Februari baada ya kuvuna, kulipindua mara mbili ili jua la kiangazi likaushe udongo wa chini. Masika ya pili, mahindi. Ndipo kipimo cha kopo, na matokeo ndiyo yaamue kama tungule zirudi.

Konde la pili: masika, njugu nyasa. Vuli, marejea. Masika ya pili, mahindi, kisha kipupwe bamia kwa mara moja.

Konde la tatu: tungule kipupwe cha mwaka wa kwanza, mara moja tu. Vuli, mahindi. Masika ya pili, marejea au njugu.

Konde la nne: mpunga kila masika, vuli mahindi au viazi vitamu. Hakuna tungule, bilingani, pilipili wala njugu kwa miaka mitatu.

Alipouona alinyamaza, kisha akauliza, "Tungule konde moja tu? Nami nauza tungule." Hilo ndilo gumu la mzunguko, na sikutaka kulificha. Tulihesabu pamoja. Alikuwa anapanda makonde matatu ya tungule na anavuna chini ya nusu ya mitungule aliyoipanda, huku mbegu, mbolea na maji ya kisima yakilipiwa yote. Konde moja safi, lililosimikwa miti vizuri, halimpi hasara ile. Na njugu zina soko lake. Alikubali kwa sharti kwamba konde la pili lipewe bamia mapema kuliko nilivyotaka, na ndiyo maana bamia imo.

Kanuni niliyoitumia kwenye kichanga ni nyepesi kuikumbuka: katika vipando vitatu vinavyofuatana, kimoja tu kiwe cha kuwalisha minyoo. Kwenye kinongo na kinamo unaweza kulegeza kidogo, ukiwa unaosha mizizi kila mwisho wa msimu na kuandika ulichokiona.

Mpango ni sawa, lakini ugonjwa umerudi

Mwaka wa kwanza wa mpango, konde la tatu, lile lililopimwa safi, lilitoa mitungule minane yenye vinundu kwenye mstari mmoja. Tulitafuta kosa kwenye mpango na halikuwepo. Miche ya mstari ule ilipungua, akanunua ya kuziba mapengo kwenye kitalu cha mtu, na minyoo ikaja ndani ya bonge la udongo. Kabla ya kununua miche, omba kuosha mmoja. Ukiweka kitalu chako mwenyewe, lowesha tuta, lifunike kwa plastiki angavu iliyobanwa kingo zote, uiache wiki nne hadi sita za jua la Januari na Februari, halafu ndipo usie.

Chanzo cha pili ni jembe na miguu. Udongo ulioganda kwenye jembe la konde la nne ukipelekwa konde la tatu ni sawa na kupanda ugonjwa kwa mkono. Fanya kazi konde safi kwanza, gonjwa mwisho, na osha jembe hapo hapo kabla ya kuondoka. Maji nayo yana njia yake. Kama mfereji unapita konde gonjwa kabla ya kufika zima, uhamishe. Kwa yule mama mnyauko haukuwa na njia hiyo, kwani konde la nne liko chini ya yote.

Chanzo cha tatu ni mitungule inayojiotea. Tungule zilizooza zikaanguka huota ndani ya mahindi, hakuna anayezing'oa kwa kuwa zinatoa matunda mawili matatu ya mchuzi. Mtungule mmoja wa namna hiyo unaweza kuwatunza minyoo msimu mzima uliokusudiwa kuwashindisha njaa. Ng'oa ukiwa mdogo, pamoja na mnavu, hata kama mnavu unaliwa.

Usitegemee mzunguko kwa wanaoruka vizuri. Kantangaze anayechimba majani ya tungule na inzi weupe watalifuata zao popote ulipolihamishia ndani ya robo eka. Hao wana dawa na mitego yao, na ukiwaona usiufute mpango wako wa ardhi kwa ajili yao.

Mwishoni mwa masika ya pili tulirudia kopo kwenye konde la juu. Miche mitano, minne mizizi myeupe, mmoja una vinundu vitatu vidogo. Yeye alitaka kupanda tungule, mimi nikamwomba kipando kimoja zaidi cha marejea, na sasa yamefika kiunoni.